Kanga Juu ya Ovaroli

Mama yangu alianguka katikati ya mizinga yake mwezi wa kumi, jua likiwaka, akiwa ndani ya vazi nililomshonea mimi. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kazi Mtendeni, Tabora mjini, na watu wananijua kwa gauni za harusi na sare za kwaya. Vazi la nyuki sikuwahi kushona kabla ya hapo. Lakini mtu akishakuwa na cherehani hujiona anaweza kushona hata hema, na kwa kweli nilichomshonea mama kilikuwa hema.

Nilitumia turubai, lile la kufunikia mizigo kwenye malori. Nilijua nyuki wetu. Ukifungua mzinga mmoja kwa pupa wanakuja wote na jirani zao, na wanakufuata mpaka mlangoni. Kwa hiyo nilitaka kitu ambacho mwiba hautapita, na kweli haukupita. Hewa nayo haikupita. Juu ya hapo nilimwekea kofia ya ukindu niliyoizungushia chandarua cheupe, ambacho juani kiling'aa mpaka mama akawa anapapasa masega kama anayetafuta kiberiti gizani. Upepo ukivuma, chandarua kinamlalia puani, na nyuki akitua hapo anamchoma pua.

Alifungua mizinga mitano hivyohivyo. Kwenye wa sita alikaa chini, kisha akalala. Mume wangu, aliyekuwa anapuliza moshi, alimburuta hadi mbali na mizinga, nami nikamfungua turubai. Tulipomvua gambuti, jasho lilimwagika kama maji ya kusuuzia vyombo. Tulimpeleka Kitete, akalala hospitalini usiku mmoja, na muuguzi akatuambia ni joto tu, mama ana moyo mzuri. Nilishukuru, lakini nilijua ni nani aliyemfungia hilo joto ndani na kulishonea zipu.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Mwanza. Alipiga simu jioni ileile, akatuambia sote kwamba mavuno hayo yakiisha, mizinga yote kumi na miwili apewe mtu mwingine, na mama apumzike. Hakusema kwa ubaya. Alisema angependa kumpoteza mama kwa uzee, si kwa asali.

Mama alirudi kijijini kwake, Kigwa, akawa hana raha. Mizinga ile aliachiwa na marehemu baba, lakini si hilo lililomuuma zaidi. Manzuki, yaani shamba lake la mizinga, iko mwendo wa nusu saa toka nyumbani, ng'ambo ya ile njia ya zamani ya misafara ambayo siku hizi imebaki kama mtaro mpana wenye nyasi. Kila wiki alikuwa na safari. Alikuwa na kitu cha kukagua, mchwa wa kuwafukuza, mzinga wa kupaka nta. Aliniambia, "Wakichukua mizinga, mimi nitabaki mtu wa kusubiri kuletewa chai." Nililia njia nzima kurudi mjini, na mwendesha bodaboda akadhani nimefiwa.

Nikamwomba kaka msimu mmoja. Nikasema nitashona vazi lingine, na mama akishindwa nalo mizinga iondoke, sitafungua mdomo. Kaka akakubali, nadhani kwa sababu aliamini nitashindwa.

Jaribio la kwanza nililifanya mwilini mwangu mwenyewe, kama adhabu. Nilijishonea ovaroli ya popilini nyeupe, nyepesi, maana nyeusi inawachokoza nyuki. Nilipata hewa kwa muda wa dakika ishirini. Kisha jasho likaja, kitambaa kikanata mgongoni, na penye kunata hapo nyuki wakapata mlango. Nilirudi nyumbani na mgongo uliojaa vinundu. Mume wangu, ambaye ni seremala na hutengeneza mizinga yenyewe, alinipaka maji baridi huku akicheka chinichini. Nikamwambia acheke nje.

Jibu lilikuja bila kutafutwa, nikiwa naenda sokoni. Pikipiki iliyokuwa imeachwa juani tangu asubuhi ilinijia, nikakaa nikitegemea kuungua, na siti ikawa ya baridi. Kijana mwenye pikipiki alikuwa ameivalisha lile kava nene lenye matundu matundu, lile wanaloweka madereva ili wasiive makalio. Nililibonyeza njia nzima. Lilikuwa nene kuliko kidole changu kidogo kilivyo kwenye ncha, na ndani yake hakuna kitu ila matundu. Nilimlipa nauli nikamuuliza amelinunua wapi, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Dukani kwa muuza vipuri, mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi na ulimi mtamu, nilipata kitambaa chenyewe kikiwa bado hakijakatwa, rangi ya kijivu. Nikakiweka katikati ya nyavu mbili nyembamba nyeupe, moja nje, moja ndani. Nikapuliza upande mmoja, nikausikia upepo kwenye kiganja upande wa pili. Mwiba wa nyuki haufiki hata nusu ya punje ya mchele. Nyuki akitua nje na kuchoma, mwiba unaishia hewani kabla ya kumfikia mtu. Nilijiona nina akili kuliko mafundi wote wa Tabora, na nikasema hivyo kwa sauti chumbani peke yangu.

Kofia niliifanyia kazi upya. Mbele niliweka wavu mgumu mweusi wa madirisha, hata kama nyuki hawapendi weusi, kwa sababu kupitia weusi jicho linaona nje bila mng'ao, na ugumu wake unausimamisha mbali na pua. Pale zipu mbili za shingoni zinapokutana pana kijitundu, na nyuki anakijua kuliko fundi, kwa hiyo nikakifunika kwa kipande cha kunata. Miguuni na mikononi nikatia lastiki, miguu ya suruali ishuke juu ya gambuti, isiingie ndani. Vazi lenyewe nikalikata pana kuliko mama kwa saizi mbili, ili hewa itembee.

Mama alilivaa uani, akajitazama kutoka juu hadi chini. Akaniambia nimemshonea gunia la mkaa. Nikamwambia gunia hilo linapumua, ajaribu tu. Akaingia ndani, akatoka amelizungushia kanga kiunoni hadi chini ya magoti, na ya pili ameikunja na kujifunga kibwebwe, fundo limekaza. Sikuona cha ajabu. Hata juu ya turubai alikuwa na kanga. Mama yangu hajawahi kufanya kazi yoyote, kuanzia kulima hadi kupika kwenye sherehe ya jumuiya, bila kibwebwe, na kutoka nje na suruali tupu ni jambo ambalo hatukuhitaji hata kulizungumza. Isitoshe mpuliza moshi ni mkwe wake.

Hapa yafaa niseme jinsi wanavyoishi hao wawili. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakipishana njiani mmoja hukaa pembeni. Mume wangu humwamkia akiwa ameinamisha kichwa, naye huitikia marahaba akiangalia mti. Mambo mengine yote hupita kwangu. Kwa miaka tisa nimekuwa posta.

Tulienda jioni ya Jumamosi, saa kumi, jua likiwa limeanza kuinama lakini joto likiwa bado limekaa palepale. Marehemu baba alirina usiku kwa mwenge, ila macho ya mama usiku hayamwoneshi sega lililozibwa vizuri na lile lenye watoto. Mume wangu alipuliza, mama akafungua, mimi nikabeba ndoo. Mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama alikuwa anaimba chinichini wimbo wa kanisani. Nikamwona anageuka kidogo kila upepo unapokuja ili umwingie mgongoni, na moyo wangu ukafunguka. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia kaka.

Kwenye mzinga wa nne akaacha kuimba. Kisha akaanza kujipiga kiunoni. Mume wangu akamfukizia moshi mwili mzima, tukafunika mzinga, tukaondoka taratibu kupitia vichakani huku nyuki wakitusindikiza, na mama akisema polepole, kila hatua, kwamba wanaingia, wanaingia.

Hasira zilinipanda. Kabla hata ya kumtoa mama mwiba mmoja nilimpigia yule mzee wa vipuri nikamwambia kitambaa chake ni feki, ameniuzia takataka, na kwamba mama wa watu amechomwa kwa sababu yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema kwa upole kwamba yeye aliuza kitambaa cha siti, na hajui nyuki walipandaje pikipiki. Nikakata simu.

Ndani, kwenye kitanda cha mama, nikaanza kukwangua miiba kwa ukucha. Nilikwangua nikihesabu sehemu zilizochomwa, na nilipofika nyuma nikasimama. Mgongoni hapakuwa na kitu. Tumboni juu hapakuwa na kitu, mapajani hapakuwa na kitu. Miiba yote ilikuwa imezunguka kiuno, mstari mmoja, kama shanga alizovaa binti. Nikaichukua ile kanga ya kibwebwe nikaitazama dirishani. Miiba mingine ilikuwa bado imekwama humo.

Nikavuta ovaroli, nikaibana kiunoni kwa ngumi. Unene wote ulilala. Tabaka tatu zikawa kama moja, zimegusa ngozi ya mkono wangu. Kumbe kinga haikuwa kwenye kitambaa, ilikuwa kwenye nafasi iliyo ndani yake, na mama alikuwa ameifunga nafasi hiyo kwa fundo. Halafu alipoinama kwenye mzinga aliikaza zaidi. Kanga ya chini nayo ilikuwa imeziba hewa miguuni, ila hiyo haikumchoma, ilimpikia magoti tu.

Nilimpigia tena yule mzee kumwomba radhi. Alicheka hadi akakohoa, akanitakia heri na nyuki wangu.

Mama nilimweleza mara tatu. Alielewa mara ya kwanza, mbili zilikuwa za kunichosha. Mwisho akasema, "Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya baba wa watoto wako na miguu miwili?" Nikasema miguu anayo miwili tangu azaliwe. Akaniambia nitoke chumbani mwake. Nilitoka.

Nilijaribu njia ya katikati. Nilimshonea sketi ya wavu ya kuning'inia toka mabegani, isiyobana popote. Tulipoijaribu kwenye mzinga mmoja ilinasa kwenye kifuniko, na nyuki wawili waliopanda kwa chini wakakwama ndani yake wakipiga kelele mpaka wakaita wenzao. Kutafuta mpuliza moshi mwingine hakukuwezekana pia. Wanawake wa jumuiya wanaogopa nyuki, na kumwondoa mkwe aliyejitolea kwa miaka yote hiyo kungekuwa kumtukana. Kwenye mabega, viwiko na magoti nikaongeza viraka vya drili nene, maana sasa nilijua kwamba popote mtu anapokunja au kuegemea, unene unalala. Kiunoni sikuwa na kiraka. Kiunoni palikuwa na mama.

Wiki mbili zikapita. Kaka akapiga kuuliza. Nikamwambia bado. Akasema ameshapata mtu wa kuichukua mizinga, mtu mwema, angekuja baada ya mavuno. Niliweka simu chini nikimchukia kidogo, ingawa alikuwa anafanya jambo la mtoto anayempenda mama yake.

Siku iliyofuata nilifika Kigwa nikamkuta mama amekaa uani amevaa kofia ya nyuki, kofia tu, na gauni lake la nyumbani. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, hakuivua. Akaniuliza, "Unayaona macho yangu?"

Nilisogea. Kupitia ule wavu mweusi, kwenye mwanga ule, niliona kivuli cha uso basi. Nikasema siyaoni.

"Na yeye akivaa yake?"

"Nawe hutayaona yake."

Akachambua mchele hadi ukaisha. Kisha akasema, kana kwamba anazungumzia bei ya chumvi, kwamba heshima ya mkwe iko machoni, na kama macho hayakutani, miguu haina kesi. Lakini kofia zivaliwe kabla hawajaonana. Mume wangu avae kwenye njia panda, yeye avae chumbani, na hakuna wa kuvua hadi kila mmoja arudi alikotoka. Kanga atatoka nazo mpaka mwisho wa nyumba za watu.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo watu wa Kigwa waliona watu watatu wamevaa nyavu usoni wakitembea kwa mstari saa kumi kasoro, bila nyuki hata mmoja karibu. Mtu mmoja aliyekuwa amebeba mkaa kwenye baiskeli alishuka akasimama hadi tukapita. Nilitaka ardhi inimeze. Mama alitembea mbele, na tulipoivuka ile njia ya zamani akafungua kanga zote mbili, akazikunja vizuri, akanikabidhi bila kugeuka. Nikaziweka ndani ya ndoo tupu.

Nilimwona mama yangu na suruali kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa inapwaya, upepo unaipuliza, na ndani yake mwanamke mfupi mwenye haraka. Mume wangu alikuwa anaangalia mti. Mama akamwambia mwenyewe, bila kupitia posta, "Baba, moshi."

Akaruka kidogo kwa mshtuko, akapuliza.

Walifanya mizinga yote kumi na miwili. Mama alimwambia apulize mlangoni kwanza, asubiri, ndipo juu. Akamwambia anapuliza moshi wa moto sana, aongeze majani mabichi. Yeye akamjibu ndiyo mama, kisha akamuuliza kwa nini sega hili linaachwa, naye akamwonesha watoto kwa ncha ya kisu. Akamsifia mbao za mzinga wa saba, akamwambia wa tisa ameutengeneza kwa uvivu. Mume wangu akacheka, kicheko chake cha kweli, ambacho mama hakuwahi kukisikia. Nilibeba ndoo. Jioni moja tu walisema maneno mengi kuliko miaka tisa, na mimi nilikuwa sijui kama walihitaji kuongea.

Mama hakuchomwa hata mara moja. Nilichomwa mimi, kiwikoni, kwa kuegemea mti na popilini yangu.

Tuliporudi kila mmoja alivua alikovalia. Mama alitoka chumbani na kanga yake, shati la ndani limelowa lakini yeye anatembea wima. Mume wangu alikuwa amekaa barazani upande wa pili wa ukuta, umbali wa hatua sita. Mama akaweka asali kwenye bakuli, akaniambia, "Mwambie baba asali yake hii." Nikaipeleka. Mume wangu akasema nimwambie mama asante. Nikarudi nikasema asante.

Usiku nilimpigia kaka. Nilikuwa na hotuba nzima, lakini mama aliniomba simu. Akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwambia yule mtu mwema atafute mizinga kwingine. Kaka akaongea kwa muda mrefu. Mama akasikiliza, akasema haya mwanangu, akanirudishia simu.

Asubuhi nilimkuta anafua ovaroli, maana vazi likichomwa linabaki na harufu kama ya ndizi mbivu, na nyuki wakiinusa safari nyingine wanakuja na hasira tayari. Alilisuuza mara mbili. Nyuma ya nyumba kuna kamba nzuri, hakuna anayeiona, na nguo zake zote za ndani huanikwa huko. Nikachukua beseni niende nayo. Mama akanipokonya, akazunguka mbele, akaianika ovaroli upande wa barabara, miguu yote miwili ikining'inia.

Akarudi kunawa mikono. "Mwambie baba," akasema, "Jumamosi aje na kofia yake."